Funika Kabla Ardhi Haijapasuka

Nilizaliwa Sakwa, karibu na Awendo, mahali ambapo hakuna mtu anayehangaika kutafuta matandazo. Kampuni ya sukari tunayoiita Sony ilianzishwa mwaka 1976, na tangu nipate akili zangu nimeona miwa kila upande wa barabara. Miwa ikikatwa na kupakiwa kwenye matrekta, shamba hubaki limefunikwa majani makavu hadi magotini. Mwenye shamba huyapanga kwa mistari ili chipukizi zipate nafasi, na yanayozidi hana haja nayo. Mama yangu aliyabeba yale yaliyozidi, akayakatakata kwa panga yakawa ya urefu wa kiganja, akayatandaza kwenye sukuma wiki yake bondeni, kando ya kijito, kila Januari mvua za vuli zikishakatika.

Aliyatandaza kwa unene mkubwa. Ukitia vidole katikati ya majani ulipita kiungo cha pili na cha tatu kabla ya kugusa udongo. Udongo wetu wa kule ni mwekundu wa kahawia, unapitisha maji vizuri, na kijito kilikuwa hatua chache tu, kwa hiyo maji hayakumpa shida. Sukuma wiki yake ilidumu hadi mvua za masika, na mimi nilikua nikiamini kwamba hivyo ndivyo matandazo yanavyowekwa kila mahali.

Kisha nikaolewa Karachuonyo, upande wa Homa Bay, kwenye tambarare inayopata maji ya mradi wa Kimira-Oluch kutoka mito ya Kibuon na Tende. Udongo wa pale ni mweusi, wa mfinyanzi, unanata kwenye jembe wakati wa mvua na kuwa mgumu kama tofali wakati wa jua. Hakuna miwa karibu na boma letu. Nyasi ni za kugombania na ng'ombe. Na maji ya mfereji huja kwa zamu. Ikiwa si zamu yako unabeba mtungi. Nilipoanza kutandaza nyasi kwa unene wa kwetu, mama mkwe wangu alisimama kando ya tuta akatazama, kisha akasema, "Nyar Sakwa, hapa si kwenu. Hii ardhi ifunike kabla haijapasuka. Ikishapasuka, nyasi zako zitafunika shimo tu."

Sentensi hiyo ndiyo niliyoifanyia kazi miaka yote iliyofuata, kwa sababu ndani yake kuna jambo ambalo vijitabu vingi vya kilimo havilisemi. Vinaandika kwamba matandazo yawe ya sentimita 5 hadi 10, basi. Lakini unene unaofaa, na hata aina ya matandazo, hutegemea mambo mawili ambayo kila mkulima anayo shambani mwake: udongo ulio chini, na jinsi maji yanavyofika kwenye mche. Ukiyajua hayo mawili, sentimita zinajipanga zenyewe.

Nianze na mipasuko. Udongo mweusi wa mfinyanzi huvimba ukilowa na kusinyaa ukikauka. Sehemu ya juu ikianza kukauka, hujivuta, na pale inapoachana panatokea ufa. Ufa mdogo wa Januari mapema huwa mwembamba kuliko uzi, lakini baadaye mkono mzima unaingia. Hasara yake ni mara tatu. Kwanza, kuta za ufa ni uso mpya wa udongo uliofunguliwa kwa hewa kavu, kwa hiyo maji yaliyojificha chini sana, ambayo jua lisingeyafikia, sasa yanatoka pembeni. Pili, udongo unapojivuta hukata mizizi midogo, ile hasa inayonyonya. Tatu, ukija na mtungi wako ukamwaga, maji hukimbilia kwenye ufa na kushuka chini ya mizizi kabla mche haujapata kitu. Unamwaga lita 20 na jioni majani bado yamelala.

Nyasi zikiwekwa juu ya ufa uliokwisha kufunguka hazifanyi lolote kuhusu hayo yote, maana hewa hupita kati yake na ufa hubaki wazi. Ndiyo maana kwenye udongo huu siku ya kutandaza ni muhimu kuliko unene wa kutandaza. Utaratibu tulioufuata pale nyumbani ni huu. Tuta linamwagiliwa hadi maji yashuke kina cha mkono, na linaachwa mpaka udongo uweze kukanyagwa bila kunata kwenye nyayo. Mara nyingi hiyo ni siku ya pili. Hapo uso unapaliliwa kwa jembe jepesi, sentimita 2 au 3 tu, ili upatikane udongo uliolegea juu ya ule ulioshikana. Miche inapandikizwa jioni, na nyasi zinatandazwa jioni hiyohiyo. Hakuna kungoja miche ishike kwanza. Ikiwa umechelewa na nyufa zimeanza, zijaze kwanza kwa udongo uliolegea ukitumia ncha ya jembe, mwagilia kidogo, ngoja uvimbe, mwagilia tena, ndipo ufunike.

Na nyasi hizo zisizidi sentimita 5 hadi 7 zikishatulia. Nasema zikishatulia kwa sababu nyasi kavu zilizorushwa leo kwa unene wa sentimita 12 zitakuwa zimelala hadi nusu yake ndani ya wiki moja. Udongo mweusi unashika maji wenyewe. Hauhitaji blanketi zito. Ukiuwekea tabaka nene na kuliweka likiwa limelowa, uso unabaki tope, hewa haifiki kwenye mizizi, na shina la nyanya huanza kuoza pale linapogusana na nyasi. Kitunguu ndicho kinachovumilia kidogo kuliko vyote. Kwenye kitunguu tuliweka nyasi nyembamba kati ya mistari tu, na shingo ya kitunguu ikaachwa wazi.

Ule udongo mwekundu wa kwetu Sakwa, na ule wa kichanga ulio sehemu za Nyatike kuelekea ziwani, una shida nyingine kabisa. Haupasuki. Maji hupita na kushuka, na kinachobaki karibu na mizizi ni kidogo, kwa hiyo mkulima analazimika kumwagilia kidogokidogo na mara nyingi. Hapo ndipo tabaka nene la mama yangu lilipokuwa na maana, na sababu yake inafaa kuelezwa polepole.

Udongo mtupu uliolowa hupoteza maji kwa hatua mbili. Mwanzoni uso ukiwa bado na unyevu, jua na upepo huchukua maji kwa kasi ileile ambayo yangechukua kutoka kwenye karai lililojaa. Baada ya siku moja au mbili, sentimita chache za juu zikishakauka, kasi hupungua ghafla, kwa sababu tabaka hilo kavu lenyewe linakuwa kizuizi. Udongo unajifunika. Sasa fikiria mtu anayemwagilia kila asubuhi: kila siku anaulowesha uso upya na kuurudisha kwenye ile hatua ya kwanza ya kasi. Matandazo humsaidia huyo kuliko mtu mwingine yeyote. Yule anayemwagilia mara moja kwa wiki kwa maji mengi hupata faida pia, lakini ndogo zaidi kwa kila mzigo wa nyasi aliobeba.

Tuchukue tuta la upana wa mita 1 na urefu wa mita 10, lenye sukuma wiki iliyopandikizwa juzi. Milimita moja ya maji kwenye mita moja ya mraba ni lita 1. Januari kando ya ziwa, jua na upepo huweza kuchukua kama milimita 5 kwa siku kutoka mahali penye unyevu wa kutosha. Kwa tuta lote hiyo ni lita 50, mitungi miwili na nusu. Miche ikiwa michanga haifuniki ardhi, kwa hiyo tuseme tuta linapoteza lita 40, na kati ya hizo lita 30 zinatoka kwenye udongo mtupu bila kupita kwenye mmea. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, katika mwongozo wake namba 56 wa mwaka 1998 kuhusu mahitaji ya maji ya mimea, lilitoa kanuni rahisi: kwa kila asilimia 10 ya ardhi unayoifunika kwa matandazo ya mimea, maji yanayotoka kwenye udongo hupungua kwa kama asilimia 5. Ukifunika tuta lote, unaokoa nusu. Nusu ya lita 30 ni lita 15 kwa siku. Kwa mwezi mmoja hiyo ni lita 450, yaani mitungi zaidi ya 22 ambayo hakuna mtu aliyeibeba kichwani.

Hesabu hiyo ina mambo mawili ya kuzingatia. La kwanza ni kwamba kanuni inazungumzia eneo lililofunikwa, haizungumzii unene. Nyasi chache zilizotandazwa sawasawa bila kuacha vipara hushinda rundo nene lililoachwa na mapengo. Ukiwa na nyasi kidogo, punguza unene kabla hujapunguza eneo. La pili ni kwamba faida kubwa iko mwanzoni. Baada ya wiki kama sita majani ya sukuma wiki hukutana, udongo unapata kivuli, na kile kinachotoka moja kwa moja kwenye ardhi hushuka labda hadi lita 10. Hapo matandazo yanakuokolea lita 5 tu. Kwa hiyo anayengoja mimea ikue ndipo atafute nyasi amekosa ule mwezi ambao nyasi zingemlipa.

Sasa nije kwenye jambo ambalo nimeliona kwenye mashamba mengi kuliko mengine yote, kuanzia Rangwe hadi Uriri. Mtu anatandaza nyasi nene, anachukua mkebe wa kunyunyizia wenye matundu, ananyunyiza juu kila jioni, nyasi zinang'aa kwa maji, harufu ya udongo uliolowa inapanda, naye anaridhika. Wiki ya pili miche inanyauka saa tano asubuhi. Ukiinua nyasi unakuta nusu ya juu imelowa, nusu ya chini ina unyevu wa mbali, na udongo wenyewe ni vumbi.

Maji yamekwenda wapi? Tuta letu la mita 10 za mraba likifunikwa vizuri kwa nyasi kavu hula kama kilo 20, kilo 2 kwa kila mita. Nyasi kavu zinaweza kushika maji ya uzito wake wenyewe, hata mara mbili yake. Maana yake, kabla ya tone kufika chini, tabaka hilo linaweza kumeza lita 20 hadi 40. Mtu aliyekuja na mitungi miwili amezinywesha nyasi. Kesho yake jua linakausha nyasi hizo na anaanza upya. Kadiri alivyoongeza unene ndivyo alivyoongeza kinywa.

Hapa ndipo njia ya kumwagilia inapoamua unene. Ikiwa huna budi kunyunyiza juu, kaa kwenye sentimita 3 au 4, na mwagilia kila siku ya tatu kwa maji ya siku tatu, ili yaliyomezwa na nyasi yawe sehemu ndogo ya yaliyomwagwa. Ikiwa una kopo au mtungi wenye mdomo mwembamba, fungua nyasi kidogo shinani, mimina polepole, rudisha. Hapo unaweza kwenda hadi sentimita 8 au 10 kwenye udongo mwekundu bila hasara. Mwenye mipira ya matone ndiye mwenye bahati kuliko wote: mpira hulazwa juu ya udongo, nyasi zinakuja juu yake, na maji hayagusi matandazo kabisa. Na anayepata maji ya mfereji huyapitisha kwenye mtaro kati ya matuta. Nyasi zake zikae juu ya tuta na mabegani mwake, zisitumbukie mtaroni zikaziba njia ya maji.

Kujua kama maji yamefika hakuhitaji chombo. Asubuhi, kabla jua halijachoma, inua nyasi mahali pawili au patatu, mbali na shina. Upande wa chini wa nyasi unapaswa kuwa na umande. Chota udongo wa kina cha kidole, ufinyange mkononi. Ule mweusi utengeneze mpira na kuacha alama ya unyevu kwenye kiganja. Ule mwekundu ushikane kidogo kabla ya kuvunjika. Ukipata vumbi chini ya nyasi zilizolowa, umeshajua maji yako yako wapi.

Kuhusu joto, nilijifunza kutoamini ngozi yangu. Ardhi nyeusi saa nane mchana huchoma mguu, hilo linajulikana na kila mtoto, lakini mizizi haiko juu. Niliazima kipimajoto cha maabara kutoka kwa mwalimu wa sekondari, nikawa nakichomeka sentimita 5 chini, penye mizizi midogo ya sukuma wiki. Kwenye tuta tupu mchana wa Februari kilipanda hadi karibu na nyuzi 40. Chini ya nyasi, hatua mbili kutoka pale, kilikuwa chini ya 30. Tofauti hiyo ya nyuzi 10 haikuhitaji tabaka nene. Sehemu kubwa yake ilipatikana kwa zile sentimita 5 za kwanza, na kuziongeza mara mbili kulipunguza nyuzi moja au mbili tu. Rangi ilikuwa na uzito wake. Nyasi za manjano zilizokauka hurudisha mwanga juu. Zikishaoza na kuwa nyeusi, zinaendelea kuzuia maji yasitoke lakini zinaanza kupokea joto, kwa hiyo katikati ya Februari tulikuwa tukirushia juu yake safu nyembamba ya nyasi mpya zenye rangi nyepesi.

Mizizi ya jamii ya kabichi na sukuma wiki hupenda udongo wa ubaridi. Ukipita nyuzi 30 inapunguza kukua, na mmea unanyauka mchana hata kama maji yapo, kwa sababu mizizi haiwezi kuyavuta upesi. Hii ndiyo alama ninayowaambia majirani waitazame. Majani yakilala saa nane na kusimama tena saa kumi na moja jioni huku udongo ukiwa na unyevu, tatizo ni joto. Yakilala asubuhi na kubaki yamelala hadi usiku, tatizo ni maji.

Kijana mmoja wa jirani aliuziwa karatasi nyeusi ya plastiki kwa ajili ya nyanya zake, akaambiwa inatunza unyevu kuliko nyasi. Kuhusu unyevu aliambiwa kweli. Mwongozo uleule namba 56 unasema plastiki hupunguza maji yanayotoka kwenye udongo kwa asilimia 50 hadi 80. Hakuambiwa kuhusu joto. Karatasi nyeusi hufaa zaidi sehemu zenye baridi, na Kinangop, juu ya mita 2,400, inamsaidia mkulima kwa kupasha udongo. Kando ya ziwa letu, kwenye mita kama 1,150, udongo haukosi joto. Miche yake michanga iliungua shingo pale ilipogusa kingo za tundu. Hakuitupa, nami namsifu kwa hilo: alipanua matundu, akatandaza nyasi nyembamba juu ya plastiki ili jua lisiipige, na nyanya zilizopandwa upya zikashika. Siku hizi kuna karatasi yenye upande wa fedha na upande mweusi. Ikilazwa fedha juu, hurudisha mwanga na pia huwachanganya vidukari na inzi weupe. Kwa mwenye mipira ya matone na soko la uhakika, inafaa. Kwa mwenye kubeba mtungi, plastiki inamlazimu kutafuta kila tundu kwa mdomo wa kopo, na akivuna anabaki na taka ambayo haiozi.

Sasa, utandaze nini? Karachuonyo jibu la kwanza la kila mtu ni mabua ya mahindi, kwa sababu yapo. Yanadumu, lakini yakiwa mazima yanaacha mapengo makubwa na hayagusani na udongo. Yakatekate urefu wa kiganja na uyapasue. Pia yanaitwa na kazi nyingine, kulisha ng'ombe na kuwashia moto jikoni, na sioni aibu kusema kwamba ng'ombe mwenye njaa Februari ana haki ya kwanza. Kisha kuna mchwa. Mabua makavu yaliyolazwa juu ya ardhi kavu yanaweza kuwa na utando wa udongo wa mchwa ndani ya siku chache. Watu wengi hukimbia kuyaondoa. Mimi nimeona kinyume: mchwa hula kilichokufa kwanza, na ukiondoa matandazo ghafla huwaachia shina la kabichi pekee. Watafiti waliofanya kazi Burkina Faso miaka ya 1990 kwenye ardhi iliyoganda walionyesha kwamba mchwa waliovutwa na matandazo walitoboa udongo na maji yakaanza kuingia tena. Tunachofanya ni kuacha nafasi ya upana wa vidole vinne kuzunguka kila shina bila matandazo, kuweka nyasi badala ya mabua karibu na miche, na kukubali kwamba tabaka litapungua na litahitaji kuongezwa.

Wa pwani ya ziwa, Kendu Bay na Homa Bay mjini, huuliza kuhusu gugu maji. Limekuwa ziwani tangu karibu mwaka 1990, upepo hulisukuma ufukweni kwa marundo, na halina mwenyewe. Linafaa, kwa masharti. Zaidi ya sehemu 9 kati ya 10 za uzito wake ni maji, kwa hiyo mkokoteni uliojaa unakuachia kapu moja likikauka. Likaushe hukohuko ufukweni hadi livunjike mkononi, na kamwe usilibebe bichi kupitia mfereji wa umwagiliaji, maana kipande kidogo chenye mzizi kinatosha kuanzisha jingine. Usiingie majini kulivuta kwa miguu mitupu. Konokono wa kichocho hujificha kwenye mizizi yake. Likiwa shambani huoza upesi na kuacha ganda jeusi, basi liweke chini na nyasi juu.

Alizeti mwitu, ile ya maua ya manjano inayoota kwenye nyua zote kuanzia Rongo hadi Ndhiwa, huchanganywa na matandazo kimakosa. Majani yake mabichi ni chakula. Watafiti wa miti na misitu waliofanya kazi Maseno miaka ya 1990 walikuta yana naitrojeni kama asilimia 3.5 ya uzito mkavu, na huoza ndani ya wiki chache. Kama kifuniko hayadumu. Lakini yana kazi yake chini ya majani ya miwa. Majani ya miwa na mabua yana naitrojeni kidogo sana, na vijidudu vinavyoyaozesha hukopa naitrojeni kutoka kwenye udongo pale majani yanapogusana nao. Yakikaa juu, mkopo huo ni mdogo. Ukiyachanganya na udongo kwa jembe, sukuma wiki inageuka manjano kuanzia majani ya chini. Tabaka la vidole viwili la alizeti mwitu, kisha majani ya miwa juu, hulipa deni hilo na bado una kifuniko cha kudumu hadi masika. Nikienda kwetu Awendo, hicho ndicho ninachomwekea mama sasa.

Mboga zetu za kienyeji zinadai njia yake. Osuga, dek na ododo hupandwa kwa mbegu ndogo kama vumbi, moja kwa moja tutani, na mche wake hauwezi kusukuma sentimita 5 za nyasi. Tunafunika mbegu kwa nyasi nyembamba sana, kiasi kwamba bado unaona udongo kati yake, ili uso usigande. Kuanzia siku ya nne tunachungulia kila asubuhi. Vichwa vya kwanza vikitokea, nyasi zinaondolewa jioni ya siku hiyo, maana ukichelewa siku mbili miche inakua mirefu, myeupe, na kuanguka. Ikifika urefu wa kidole, nyasi hurudi, safari hii kati ya mistari. Kwa hiyo panda kwa mistari, usimwage ovyo.

Nyasi zenyewe zikatwe mwishoni mwa Novemba na Desemba, kabla hazijatoa mbegu na kabla ng'ombe wa jirani hawajazimaliza, zikaushwe na kufungwa mizigo chini ya paa au juu ya mti. Epuka zile zinazotambaa na kutoa mizizi kila kiungo. Hizo huota upya zikipata maji ya kwanza, na utakuwa umejipandia magugu. Anayeanza kutafuta nyasi Januari atazinunua kwa bei ya chakula cha mifugo.

Na mvua za masika zikianza Machi, kwenye udongo mweusi usingoje. Mvua kubwa ya pili ikishanyesha, vuta nyasi kutoka juu ya tuta uzishushe kwenye mitaro, isipokuwa chini ya nyanya, ambako safu nyembamba huzuia tone la mvua kurusha udongo wenye ukungu kwenye majani ya chini. Kwenye udongo mwekundu unaweza kuziacha zilipo. Mama mkwe wangu hupitia tuta zima kwa mkono, akifungua kila shina, na huanza na kabichi kwa sababu ndiyo inayooza kwanza.